Shajara ya mradi: pawabenki moja, Kiingereza na Kiswahili

Siku ya 1

Nimeanza leo. Kazi yenyewe ni tangazo moja la bidhaa, pawabenki, nimeletewa kwa Kiingereza na dada mmoja mwenye duka la mtandaoni, anataka liwe na ukurasa wa Kiswahili. Maelekezo yake yalikua mafupi: "Kaka, mtu akisoma aelewe, na akitafuta aipate." Nimeyaandika juu kabisa ya daftari maana naona hayo mambo mawili yatagombana, neno linaloeleweka vizuri sio lazima liwe ndo neno ambalo mtu analiandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Tangazo lenyewe kwa Kiingereza ni hili, nimelipunguza:

```
20000mAh Power Bank, 22.5W Fast Charging, USB-C PD
Input: USB-C 5V/3A, 9V/2A (18W max)
Output: USB-C 20W, USB-A 22.5W
Rated capacity: 12000mAh (5V/3A)
Ports: 2 USB-A, 1 USB-C
Protection: over-charge, over-current, short-circuit
```

Kulikua na tafsiri ya zamani pale dukani, mtu alitafsiri neno kwa neno akaondoka. Matundu ya USB yameitwa "bandari mbili za USB", na ule ulinzi wa mkondo wa umeme kuzidi umeandikwa "ulinzi wa juu ya sasa", kwasababu neno la Kiingereza la mkondo wa umeme ndo hilohilo la wakati tulionao. Mnunuzi akisoma hivyo haelewi chochote, na kibaya zaidi anaacha kuamini hata namba zilizo sahihi, anaona kabisa aliyeandika hajui anachokiuza.

Na mimi rasimu yangu ya kwanza nimeandika "benki ya umeme ya kubebeka". Kisarufi haina shida. Nimemsomea mdogo wangu kwa simu akaniuliza, "Hiyo ni nini, ni kama jenereta?" Nikamwambia pawabenki. "Aah, si ungesema!" Basi nimeifuta.

Siku ya 2

Leo sijatafsiri hata sentensi moja, nimeshinda nasoma kumbukumbu za utafutaji za duka, yaani orodha ya maneno ambayo watu wameyaandika kwenye kisanduku. Kijana anayeshughulikia websaiti amenitolea faili, na nilimuomba anitolee na zile ambazo zilileta matokeo sifuri, na kusema kweli hizo ndo dhahabu. Mtu ametaka kitu, kitu kipo stoo, ila neno lake halijakutana na neno letu.

Niliyoyaona kwa kitu hichohicho kimoja: `power bank`, `powerbank`, `pawa bank`, `pawabenki`, `power bank ya simu`, `chaja ya kutembea nayo`, `powerbank 20000mah`, `power bank type c`. Hakuna aliyeandika benki ya umeme. Hakuna aliyeandika betri ya akiba. Wengi wanaliandika jina lenyewe kwa herufi za Kiingereza alafu wanalifungia kwa Kiswahili, "ya simu", "yenye taa", "inayokaa na chaji". Hapo ndo nimeona mpaka wenyewe uko wapi. Jina la kitu na namba zake zinabaki kama zilivyoandikwa kwenye boksi, ila sifa na matumizi mtu anayataja kwa Kiswahili kama anavyoongea.

Kwahiyo nimejiwekea utaratibu, kila neno la kitaalamu naliuliza swali moja: je, mnunuzi analiona neno hili limechapwa kwenye kifaa chenyewe au kwenye boksi? Kama analiona, linabaki vilevile. `mAh`, `W`, `USB-C`, `PD`, hizo sizigusi, maana mtu atashika kifaa mkononi afananishe na ukurasa wetu. Kama halionekani popote ila ni maelezo tu, kama vile ule ulinzi wa shoti, hapo natafsiri na natumia neno la mtaani. Watu wanasema shoti, hawasemi mzunguko mfupi.

`USB-C` imenipa kazi kidogo kwasababu kwenye boksi imeandikwa hivyo ila watu wanatafuta `type c`. Nimeamua zote mbili ziwepo, `type c` kwenye kichwa cha tangazo kwa ajili ya anayetafuta na `USB-C` kwenye jedwali la vipimo kwa ajili ya anayehakikisha. Zikiwa kwenye nafasi mbili tofauti zenye kazi mbili tofauti hakuna anayeona tunajirudia.

Jambo dogo la namba, lilinipita mwanzoni. Nilikua nimeandika 20,000 mAh, na koma na nafasi, kama inavyotakiwa kuandikwa. Watu wanaandika `20000mah`, imeshikana. Utafutaji wa duka hili unakata maneno kwenye nafasi na alama, kwahiyo 20,000 mAh unaiona kama vipande vitatu, 20 na 000 na mAh, na hakuna hata kimoja kinachofanana na alichoandika mtu. Kichwani nimeandika `20000mAh` bila koma. Kwenye jedwali nimeacha 20,000 mAh maana pale anasoma binadamu.

Siku ya 3

Siku nzima nimekaa kwenye mstari mmoja, ule wa `Rated capacity: 12000mAh`.

Tafsiri ya haraka ni "uwezo uliokadiriwa". Nikaliacha kwanza nikaenda kuandika mengine, ila likawa linanirudia kichwani, maana kwetu kitu kilichokadiriwa ni kitu cha kukisia. Mtu akisoma kwamba uwezo umekadiriwa 12,000 wakati juu kabisa imeandikwa 20,000 atajua anaibiwa. Na kwa Kiingereza maana yake sio kukisia hata kidogo, maana yake ni kiasi ambacho mtengenezaji anathibitisha kwamba kitatoka kwenye tundu, kwa masharti yaliyotajwa pale pembeni, volti 5 na ampea 3.

Sasa mbona 20,000 inakua 12,000? Nimepiga hesabu ili niweze kueleza bila kudanganya. Betri ya ndani ina volti 3.7. Ukizidisha 20,000 mAh kwa 3.7 ukagawa kwa 1,000 unapata 74 Wh, huo ndo umeme wote uliomo ndani. Tundu la USB linatoa volti 5, sio 3.7, kwahiyo kuna saketi inayopandisha volti, na kwenye kupandisha mAh zinapungua hata kama hakuna kilichopotea, 74 Wh kwa volti 5 ni 14,800 mAh tu. Alafu saketi yenyewe inapata joto, na umeme unapotea hapo. 12,000 mAh kwa volti 5 ni 60 Wh, yaani kwenye kila 74 zinatoka 60. Ni jambo la kawaida kabisa kwa pawabenki, sio wizi, ila lazima lielezwe.

Nimeandika hivi kwenye jedwali: "Betri ya ndani: 20,000 mAh (3.7V), sawa na 74 Wh. Chaji inayotoka kwenye simu yako: 12,000 mAh (5V)." Alafu nikasoma tena nikaona "inayotoka kwenye simu" inasomeka kama simu ndo inayotoa. Nimebadilisha ikawa "Chaji inayofika kwenye waya". Neno kukadiria silitumii popote kwenye huu ukurasa.

74 Wh nimeiacha ionekane japo kwenye Kiingereza haikuwepo, kwasababu msafiri wa ndege anaihitaji. Kanuni za ndege ni kwamba pawabenki isiyozidi 100 Wh inaruhusiwa bila kuomba kibali cha shirika, ila iwe kwenye begi la mkononi, sio kwenye mzigo unaoingia chini. Kuna watu kwenye ile faili waliandika `power bank ya ndege`, na kwa muuzaji huyu hilo swali halikua na jibu popote.

Jioni nikagusa kile kimstari cha matangazo kilichosema inachaji simu mara 4. Najua kilipotoka, mtu amechukua 20,000 akagawa kwa simu ya 5,000. Hesabu sio hiyo. Simu ya 5,000 mAh ina betri ya volti kama 3.85, hiyo ni 19.25 Wh. Ukigawa 60 kwa 19.25 unapata mara 3 na kidogo, na simu yenyewe inapoteza kiasi wakati wa kuchaji kwasababu nayo inapata joto, kwahiyo mtu ataona kama mara 2 na nusu. Nimempigia dada mwenye duka nikamwambia nataka kuandika mara 2 na nusu. Akasita. "Kaka, wenzetu wote wameandika 4." Nikamwambia wewe ndo unayepokea zile simu za watu wanaolalamika kwamba ni feki. Akanyamaza kidogo akasema andika.

Siku ya 4

Leo nimejaribu tafsiri kwa msomaji. Njia yangu ni kumpa mtu Kiswahili peke yake, asione Kiingereza, alafu namuuliza maswali ambayo majibu yake yapo kwenye ukurasa. Simuulizi kama ni nzuri, kila mtu atasema nzuri.

Nimempa mama mmoja jirani ambaye anatumia pawabenki kila siku. Niliandika "Inachaji haraka, 22.5W." Nikamuuliza, mama, hapo umeelewa nini? Akasema, "Kwamba ukiichomeka ukutani inajaa upesi." Nikashtuka kidogo kwasababu ni kinyume kabisa, 22.5W ni inayotoka kwenda kwenye simu. Kuingia ni 18W.

Nikarudia sentensi yangu nikaona kosa sio lake. Kwa Kiswahili tunasema chaja inachaji simu, na hapohapo tunasema simu inachaji, yaani simu ndo inayopokea. Neno moja, pande mbili. Kwa simu haina shida maana simu siku zote ndo inayopokea. Kwa chaja haina shida maana chaja siku zote ndo inayotoa. Pawabenki ndo kitu kinachofanya yote mawili, na "inachaji" ikikaa peke yake haikwambii ni upande upi. Kwa Kiingereza walikua wametenganisha kwa maneno mawili, kuingia na kutoka, na mimi nilikua nimeyaweka kwenye chungu kimoja.

Nilijaribu "inachajiwa haraka". Inaeleweka ila hakuna anayeongea hivyo, na kwenye skrini ndogo ile "wa" katikati inapita bila kuonwa. Mwisho nimetumia maneno mawili tofauti kabisa: pawabenki ikipokea *inajaa*, ikitoa *inachaji simu*. Kwahiyo: "Inachaji simu yako haraka (mpaka 22.5W). Yenyewe inajaa kwa masaa 5 ukitumia chaja ya 18W." Nimempa mama tena, akajibu maswali yote bila kurudi nyuma.

Hiyo "masaa 5" nimeiandika kwa makusudi. Mhariri atakwambia saa haina wingi, andika "saa 5". Nilianza hivyo, na mama aliposoma "inajaa kwa saa 5" akasimama kidogo, akacheka, akasema alifikiri ni saa tano asubuhi. Kwenye maongezi tunatofautisha, saa tano ni muda wa kwenye saa ya ukutani, masaa matano ni urefu wa muda. Kwenye tangazo ambalo mtu analisoma huku anatembea nataka ile tofauti.

Na nimeongeza sentensi moja ambayo Kiingereza hakikua nayo: "Ukitumia chaja ya kawaida ya 10W ni masaa 9 hivi." Ni 74 gawa kwa 10, ongeza kinachopotea njiani. Watu wengi wana chaja hiyo nyumbani, wakisoma 5 wakaona 9 wataamini ni mbovu.

Siku ya 5

Kidogo tu leo. Ulinzi nimeandika mstari mmoja: "Haizidishi chaji, inajizima yenyewe mkondo ukizidi au ikipiga shoti." Orodha ya Kiingereza ilikua majina matupu, kwa Kiswahili vitenzi vinakaa vizuri zaidi.

Matundu nimeyaita matundu.

Siku ya 6

Nimekaa na kijana wa websaiti kuhusu yale maandishi mbalimbali, pawabenki na powerbank na wenzao. Dada mwenye duka alitaka tuyapange yote chini ya ukurasa, mstari mzima wa maneno. Nimekataa. Msomaji anaona takataka, na Google nao kwenye kanuni zao wanahesabu kurundika maneno ya kutafutia kama spamu, unaweza kushushwa. Mahali pake ni kwenye utafutaji wa duka, mnunuzi hayaoni kabisa. Tumetengeneza faili la visawe:

```
power bank, powerbank, pawa bank, pawabenki => powerbank
type c, usb-c, usb c, taipu c => typec
charger, chaja => chaja
fast charge, fast charging, chaji haraka => fastcharge
```

Tulipojaribu, `pawabenki type c` ikaleta bidhaa. `power bank ya type c` ikaleta sifuri. Tumehangaika karibu saa nzima, tukidhani ni faili. Kumbe ni ile "ya". Utafutaji umewekwa kwamba kila neno alilolitaja mtu lazima lipatikane, na orodha ya maneno ya kupuuzwa iliyokuja nao ni ya Kiingereza tu, kwahiyo inapuuza vijineno vya Kiingereza ila "ya" inaihesabu kama neno zito kabisa. Ukurasa wa majaribio ulikua na kichwa tu, na kichwa hakikua na "ya".

Tumeongeza orodha yetu: ya, wa, za, la, cha, vya, na, kwa, yenye, wenye. Hii inasaidia na jambo lingine ambalo nililiona kwenye kumbukumbu, watu hawakubaliani upatanisho wa maneno ya kukopa. Mmoja anaandika `waya wa chaji` mwingine `waya ya chaji`, na wote wanataka kitu kilekile. Kwenye kuandika nachagua moja. Kwenye kutafuta sina haki ya kumsahihisha mtu.

Kilichobaki ni vitenzi. Mtu akiandika `inayochaji haraka` faili letu halimpati, maana linajua "chaji haraka" tu, na kitenzi cha Kiswahili kinabeba viambishi mbele vya kila aina, inachaji, inayochaji, zinazochaji, ya kuchaji. Huwezi kuviorodhesha vyote. Kijana amesema anaweza kuwasha utafutaji wa vipande vya herufi tatu tatu, ambapo "inayochaji" na "chaji" vinashirikiana vipande vya kutosha. Ila tulipojaribu, "chaja" nayo ikaanza kuletwa kwa "chaji", na aliyetaka pawabenki anapewa chaja za ukutani kwanza. Tumeiweka iwe ya akiba tu, ifanye kazi pale ambapo njia ya kawaida imeleta sifuri.

Siku ya 8

Upande wa pili sasa, Kiswahili kwenda Kiingereza. Kuna waya unaouzwa kivyake kwenye duka hilohilo, na tangazo lake liliandikwa kwa Kiswahili na dada mwenyewe: `Waya wa chaji type c original, unachaji haraka, mita 1`.

Maneno machache ila yalinikalisha. La kwanza ni `type c`. Kwa Kiswahili linatosha, kila mtu anajua ni lile tundu la simu. Kwa Kiingereza mnunuzi atauliza ncha ya pili je? Maana kuna waya wenye USB ya zamani upande wa chaja na kuna wenye USB-C pande zote mbili, na wa pili hauingii kwenye chaja ya zamani. Ilibidi nimwambie anipigie picha ya ncha zote mbili. Ni USB-C pande zote.

La pili "unachaji haraka". Kwa Kiingereza hapo panatakiwa namba. Waya wa USB-C pande zote wa kawaida unabeba mpaka ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni 60W. Ukitaka ampea 5 lazima uwe na kachipu ndani kanachotambulisha waya. Boksi limeandikwa 60W, nimeandika 60W.

La tatu ndo gumu, `original`. Mtaani orijino ni sifa, kitu imara, sio kile cha kukatika wiki ya pili. Dada hakua anadanganya hata kidogo. Ila ukilipeleka kwenye Kiingereza likiwa hivyohivyo, linakua dai, kwamba waya umetengenezwa na kampuni ya simu yenyewe. Na haukutengenezwa nayo. Nimelitoa kabisa kwenye Kiingereza, na badala yake nimeweka kinachomfanya yeye auite orijino, nailoni iliyosukwa juu na dhamana ya miezi 6. Kwenye Kiswahili nimemuomba alitoe pia. Amesema ataliacha kwenye utafutaji, watu wanaliandika sana, ila kichwani atalitoa. Nadhani ni sawa, ingawa bado sijatulia, mtu akitafuta `original` akaletewa huu anaweza kuamini hilohilo. Nimemwambia angalau kwenye ukurasa jina la mtengenezaji liwe mstari wa kwanza.

```
USB-C to USB-C Charging Cable, 60W, 1 m, Braided Nylon
```

Siku ya 9

Kichwa cha pawabenki kilivyokaa mwishoni:

```
Power bank ya simu 20000mAh, type c, fast charge 22.5W
```

Kwenye simu mwisho wake unakatwa, kwahiyo jina na 20000mAh viko mbele na 22.5W ikikatwa hainiumi sana, iko kwenye mstari wa kwanza chini. "Chaja ya kutembea nayo" nimeitumia mara moja kwenye maelezo, ndani ya sentensi ya kawaida.

Mama jirani amesoma ukurasa wote kwa mara ya mwisho. Alisimama sehemu moja tu, kwenye "chaji inayofika kwenye waya", akauliza kama na waya unauzwa humohumo kwenye boksi. Haumo. Nimeongeza "Waya hauuzwi pamoja" chini ya picha, na dada ameupandisha ukurasa saa kumi na moja jioni.